Kabla Mtu wa Mbali Hajatoka Nyumbani

Mhadhara kwa viongozi wa vyama vya wakulima, walimu na wahudumu wa afya, Kibua



Mmeniita niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu aliyewahi kuandaa mkutano amelionja. Mzungumzaji mkuu, yule ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa shule, anapiga simu siku chache kabla na kusema hatakuja. Watu wameshajiandikisha, na wengine wameshalipa. Hapa Kibua, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, wengine wameshamwomba jirani awaangalizie watoto na mbuzi, wameshafua nguo ya kusafiria, na wanasubiri siku ya kushika njia.

Nitawaeleza lililonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nilikosea, na kosa langu lilikuwa na saa yake kamili. Kisha nitawapeleka Leopoldville ya mwaka 1959, maana nchi yetu ilishaonja kwa uchungu mkubwa nini kinaweza kutokea watu wanapoambiwa mlangoni kwamba waliloliendea halipo.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla vita havijafika Goma Januari 2025. Tuliandaa semina ya siku moja, Jumamosi, juu ya ugonjwa wa migomba ambao sisi wa Kivu tunauita kirabiranya. Mnaujua. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, ukikata shina unatoka utomvu wa manjano kama usaha. Ugonjwa huo ulionekana kwa mara ya kwanza katika Congo hukuhuku Masisi, mwaka 2001, na tangu hapo umekula mashamba ya Kivu yote. Watu 86 walijiandikisha, kila mmoja akalipa franka 3,000 za chakula na karatasi. Walitoka Kibua yenyewe, Kashebere, Nyabiondo, Mpofi, na wanne upande wa Pinga. Mzungumzaji mkuu alikuwa agronomi wa kutoka mjini, mtu aliyesoma sana, na nisifiche: wengi walijiandikisha kwa sababu ya jina lake.

Jumanne jioni akapiga simu. Kulikuwa na jambo zito katika familia yake. Simu ilikatika mara mbili kwa sababu ya rezo, lakini mara ya tatu nilimsikia vizuri: hatakuja.

Nikafanya ambalo karibu kila mwandaaji hufanya. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba si vizuri kuwatia watu wasiwasi kabla sijapata mtu wa kuchukua nafasi yake, kwamba nikimpata nitatoa tangazo moja lenye habari mbaya na habari nzuri pamoja, na watu watalipokea kwa utulivu. Jumatano nzima nilishinda kwenye simu nikitafuta. Hakuna niliyemwambia isipokuwa wawili wa kamati.

Alhamisi asubuhi dereva wa moto aliyetoka Kashebere akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli semina imekufa na pesa zimeliwa. Alikuwa amesikia kituoni, na wa kituoni walisikia kwa mtu aliyesikia mjini. Agronomi hakuwa na sababu ya kuficha safari aliyoivunja: alishawaambia jamaa zake, na jamaa zake wana simu. Habari ilitembea usiku na mchana wakati mimi nimeikalia. Ilipofika kwetu ilikuwa imeshaota mguu wa pili, ule wa pesa, ambao hakuna aliyeupanda.

Angalieni hapo, maana ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Watu hawakukasirika kwa sababu agronomi alipata shida. Nani asiyejua shida za familia? Walikasirika walipojumlisha: aliambiwa Jumanne, leo ni Alhamisi. Muda kati ya saa uliyojua na saa uliyosema ndio wanaoupima, na kila saa ya ukimya wanaijaza wenyewe kwa maelezo yao. Baada ya hapo hata ukisema kweli tupu, unasikika kama mtu aliyekamatwa.

Basi ilinipasa kutoa tangazo lini? Mjini mwandaaji huhesabu kwa siku: bado siku nne, bado siku tatu. Hapa hesabu hiyo inadanganya. Semina ilikuwa Jumamosi saa 3 asubuhi, lakini kwa mtu wa Kibua ilianza Jumamosi alipofungua mlango. Kwa mtu wa Nyabiondo anayekuja kwa mguu ilianza Ijumaa asubuhi. Kwa wale wanne wa upande wa Pinga, wanaotembea siku mbili na kulala njiani kwa ndugu, ilianza Alhamisi alfajiri. Kwao tangazo la Alhamisi saa 4 asubuhi halina tofauti na tangazo la Jumamosi mlangoni. Wameshatoka, wamo msituni, simu imezimwa ili kutunza moto wa betri. Ukomo wa kuwaarifu ulikuwa Jumatano jioni, na Jumatano jioni mimi nilikuwa nasubiri habari nzuri.

Tangazo la kwanza lilitoka Alhamisi hiyo saa 4 asubuhi. Tulilituma kwa ujumbe wa simu, na ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi, simu inaukata vipande viwili, unalipa inite mara mbili, na wakati mwingine kipande cha pili kinafika kabla ya cha kwanza. Tuliandika hivi:

«Agronomi hatakuja Jumamosi, sababu ya familia. Semina ipo. Nani atafundisha: mtajua leo saa 12 jioni. Ukitaka pesa yako, sema. Umesoma? Bip namba hii.»

Niwaeleze kila sentensi, kwa kuwa tulibishana juu ya kila moja. Mwenzetu mmoja alitaka tuanze na salamu na shukrani. Nilikataa. Mtu anayesoma kwenye simu ndogo, juani, anaona mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza lazima uwe na lile linalobadilisha safari yake. Mwingine alitaka tuandike «kwa sababu zisizozuilika». Maneno hayo yamechakaa, ndugu zangu. Serikali imeyatumia, mashirika yameyatumia, na kila anayeyasikia huelewa kwamba kuna kitu kimefichwa. Lakini pia hatukuwa na haki ya kutangaza msiba wa mtu kwenye simu 86. Kwa hiyo nilimpigia agronomi nikamwuliza: niseme nini juu yako? Akasema, sema ni jambo la familia. Tukasema hilo, bila kuongeza wala kupunguza. Swali hilo liulizwe katika simu ileile anapojitoa, kabla hamjaagana, kwa maana baadaye anaweza asipatikane.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu, na ni ya kwetu hapa. Akijitoa mtu kwa kuogopa njia, msitaje barabara wala siku wala kizuizi. Semeni ameamua kutosafiri kwa sasa. Ni kweli, na inatosha. Tangazo linalosema «ameogopa kupita mahali fulani» husomwa na watu wengi kuliko mliowaandikia, na linaweza kuwaweka wengine hatarini au kuwafanya watu wa mahali hapo waone mmewachafulia jina.

«Nani atafundisha: mtajua leo saa 12 jioni.» Sentensi hii ndiyo ingeniokoa Jumanne usiku kama ningeijua. Hulazimiki kuwa na jibu ili uwaarifu watu. Unalazimika kuwa na saa ya kuleta jibu. Matangazo mawili mafupi, la kwanza lenye pengo linaloonekana na la pili linalolijaza kwa saa iliyotajwa, huleta imani kuliko tangazo moja kamilifu lililochelewa, kwa sababu katikati yake msomaji ameona ukitimiza ahadi ndogo. Ila saa hiyo ni deni. Ikifika saa 12 na bado hujapata mtu, andika hivyohivyo, saa 12 ileile.

Na kubip. Ujumbe uliotumwa si ujumbe uliopokelewa. Ninyi mnajua vilima ambavyo simu haishiki mpaka upande juu ya jiwe fulani. Mtu akibip haimgharimu kitu, na kwetu ni saini. Tulikaa na daftari la kujiandikisha, kila bip ikiingia tunaweka alama kwenye jina. Hadi Alhamisi usiku watu 61 walikuwa wamebip. Waliobaki 25 tuliwatafuta mmoja mmoja. Kumi na wanne tuliwapata kupitia majirani wenye simu, na saba tuliwatumia karatasi kwa madereva wa moto, waliorudi na karatasi hizo zimetiwa saini au alama ya kidole. Komunike ya kanisani isingetusaidia, maana Jumapili ilikuwa upande wa pili wa semina. Hao ni 82. Wanne waliobaki ni wale wa upande wa Pinga.

Sasa tusafiri kidogo.

Desemba 1958 Accra kulikuwa na mkutano mkubwa wa watu wa Afrika yote. Joseph Kasavubu, kiongozi wa ABAKO, alitaka kwenda, na watawala wa Kibelgiji wakamzuia kwa kisingizio cha karatasi ya chanjo. Wacongo waliofika Accra walikuwa watatu: Patrice Lumumba, Gaston Diomi na Joseph Ngalula. Sisemi Lumumba alitumwa badala ya Kasavubu, hakutumwa hivyo. Lakini aliyetarajiwa hakuonekana, na aliyesimama mbele ya mkutano alikuwa kijana wa chama kilichokuwa na miezi miwili tu, MNC. Hakusimama kama kivuli cha Kasavubu wala hakusoma maneno ya mtu mwingine. Alisema kwa jina la chama chake na kwa akili yake. Aliporudi aliitisha mkutano Leopoldville, tarehe 28 Desemba, kuwaeleza watu yaliyosemwa Accra, na umati uliitika.

ABAKO nao wakatangaza mkutano wao, Jumapili tarehe 4 Januari 1959, kwenye jengo la YMCA. Majibu ya wakuu wa mji juu ya ruhusa yalikuwa ya kutisha bila kuwa wazi, na viongozi wa ABAKO wakaona bora waahirishe. Lakini watu walikuwa wameshaitwa. Siku yenyewe walifika, wakajaa, wakisubiri kumsikia Kasavubu, na Kasavubu mwenyewe alilazimika kwenda kuwaambia pale pale kwamba mkutano hautafanyika. Aliwaomba warudi nyumbani kwa amani. Wengi hawakurudi. Siku ileile kulikuwa na mchezo wa mpira, washabiki walipotoka uwanjani wakachanganyika nao, vurugu ikalipuka, na askari wa kikoloni wakapiga watu risasi. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 49, wengine wamesema ni mamia. Tarehe 13 Januari mfalme Baudouin alitamka kwamba Congo itapata uhuru, na leo tarehe 4 Januari ni siku ya mapumziko ya taifa kuwakumbuka mashahidi.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nasema tangazo lililochelewa liliwaua watu wale. Waliuawa na risasi za utawala ambao uliwanyima kazi, heshima na hata ruhusa ya kusikilizana. Ninachotaka mwone ni kidogo kuliko hicho. Mlango wa mkutano ni mahali pabaya kuliko pote pa kutolea habari ya namna hii. Aliyefika mlangoni ameshalipa kwa miguu yake, amesimama bega kwa bega na wenziwe, na hana tena uamuzi wa kufanya: njia ameshaitembea. Nyumbani kwake, jana yake, angekuwa mtu mmoja mwenye habari mbaya. Na huyu Kasavubu hakuwa mtu mdogo. Waliokuja walimpenda, naye alisema mwenyewe kwa kinywa chake, na bado hakuweza kuwageuza.

Nirudi Kibua, kwenye kazi ya kumtafuta mbadala.

Nilipojua agronomi haji, mawazo yangu yalikimbilia vyeo. Nani mwingine ni agronomi? Nani ni daktari wa kitu chochote? Mkubwa mmoja wa hapa alisikia, akajitolea kwa moyo mwema aje azungumze juu ya maendeleo. Kama ningekubali, karatasi ya mlangoni ingekuwa na jina zito tena, na watu wangerudi nyumbani kwenye migomba yao inayonyauka. Kilichonisaidia ni kuchukua tangazo letu wenyewe, lile la mwanzo, na kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya kila kitu tulichoahidi. Jina la agronomi. Namna ya kuokoa shamba bila kung'oa migomba yote. Aina mpya za mbegu. Majibu ya maswali. Chakula cha mchana. Ahadi tano. Ya kwanza ilikuwa imekufa. Chakula kilikuwa salama. Swali likawa: nani anaweza kubeba ya pili, ya tatu na ya nne?

Hapo jibu likaonekana, na lilikuwa karibu. Upande wa Mpofi kulikuwa na mama mkulima ambaye kwa misimu miwili alipambana na kirabiranya shambani mwake na kubaki na ndizi za kuuza. Alikuwa akifuata njia ambayo watafiti waliijaribu hukuhuku mashariki ya Congo: badala ya kung'oa mgomba mzima na machipukizi yake yote, unakata usawa wa ardhi shina lile tu lililoonyesha ugonjwa, kwa sababu mdudu wa ugonjwa haingii machipukizi yote, na unarudi kukagua shamba mara kwa mara bila kuchoka. Unavunja ua dume kwa mti wenye panda, bila panga, mara chane ya mwisho inapotoka, kwa kuwa wadudu warukao hubeba ugonjwa kupitia hapo. Panga unalipitisha kwenye moto au kwenye maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Monita wa kilimo alimfahamu na angeweza kueleza sababu za kila hatua. Wawili hao pamoja walibeba ahadi ya pili na ya nne kwa mikono yao.

Ya tatu, aina mpya za mbegu, hawakuiweza. Kamati ilitaka tuinyamazie: mama ataongea vizuri, nani atakumbuka? Anayekumbuka ni yule aliyejiandikisha kwa ajili ya hilo tu. Kwa hiyo tangazo la pili, lililotoka saa 12 jioni kama tulivyosema, liliandikwa hivi:

«Atafundisha mama mkulima aliyeokoa migomba yake, pamoja na monita. Tutaenda shambani. Somo la mbegu mpya halitakuwepo. Pesa hurudishwa hadi Ijumaa saa 6.»

Sentensi ya tatu ndiyo iliyotufanya tuaminiwe, kwa maoni yangu. Mtu akisoma kwamba kitu fulani hakitakuwepo, anaanza kuamini kwamba vilivyotajwa vitakuwepo. Watu tisa waliomba pesa zao. Tulizirudisha kwa simu Ijumaa, franka 3,000 pamoja na makato ya kutolea, ili mkononi zifike 3,000 kamili. Kurudisha pesa baada ya mkutano ni kulipa deni. Kuzirudisha kabla ya mkutano kunawaonyesha hata wale wasioziomba kwamba wanakuja kwa hiari yao.

Kwa yule mama tulifanya mambo ambayo ningependa myashike. Alhamisi nilimwomba aniambie kwa simu dakika tano za kwanza za mazungumzo yake, kama vile nimekaa mbele yake, nikajua kwamba ataanza na panga lake na siyo na historia ya kilimo. Tulimpa muda mfupi kuliko ule wa agronomi, dakika 25 badala ya saa nzima, kisha shamba, kisha maswali, kwa maana mtu aliyearifiwa kwa siku mbili hawezi kubeba saa nzima bila kurudia maneno. Agronomi alikuwa tayari kututumia karatasi zake ili zisomwe. Nilimshukuru nikakataa. Anayesoma karatasi za asiyekuwepo anawakumbusha watu kila dakika kwamba mwenyewe hayupo, na likija swali anakwama. Posho tuliyomwekea agronomi tuliwapa mama na monita wagawane bila kupunguza hata franka. Na asubuhi ya Jumamosi nilisema neno la agronomi mara moja tu, sentensi mbili, kisha nikamkaribisha mama kwa kueleza alichofanya shambani mwake. Mwenyeji anayeomba radhi asubuhi nzima anamvunjia heshima aliyekubali kuja.

Mtauliza kwa nini tusingemweka agronomi kwenye skrini. Njia hiyo ipo, na inaweza kutimiza hata ahadi ya jina. Oktoba 2011 Dalai Lama alitarajiwa Cape Town kutoa mhadhara wa kwanza wa amani wenye jina la Desmond Tutu, aliyekuwa akitimiza miaka 80. Viza ya Afrika Kusini haikutoka, na tarehe 4 alitangaza haji, siku nne kabla. Tarehe 8 alionekana kwa video akizungumza na Tutu. Watu walijua wazi kwa nini hayupo, na walimsikia yeye mwenyewe. Lakini hapo palikuwa na chuo kikuu, umeme na mtandao. Hapa, kama simu ya Jumanne ilikatika mara mbili kwa sentensi moja, kuahidi video ni kuandaa kujitoa kwa mara ya pili, mbele ya watu. Mkiweza kurekodi sauti yake mapema na kuijaribu kwenye kipaza sauti chenu, vema. Kama hamjaisikia ikitoka kwenye kipaza sauti, msiitangaze.

Watu 71 walikuja kati ya wale 77 waliobaki kwenye daftari. Shambani, mama alipokata shina la kwanza na kuonyesha usaha wa manjano, kisha akakata chipukizi la jirani likatoka safi, hakuna aliyeuliza agronomi yuko wapi.

Lakini wanne wa upande wa Pinga walifika Ijumaa jioni, wamechoka, na tukawaambia palepale uwanjani mwa shule. Mmoja wao, mzee, alikuwa amekuja kwa ajili ya mbegu mpya. Tulimpa pesa yake, mahali pa kulala na chakula, na tukamwomba abaki. Alibaki, alikaa nyuma, hakuuliza swali lolote. Wakati wa kuondoka aliniambia: «Mwanangu, ulijua Jumanne.» Sikuwa na la kumjibu, na sijalipata hadi leo. Mwaka uliofuata tulipotangaza semina nyingine, hakuna mtu wa upande ule aliyejiandikisha.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, na ninaliomba kwa ajili ya mzee yule. Katika daftari lenu la kujiandikisha mna safu ya jina, ya kijiji na ya simu. Ongezeni safu mbili. Moja iandikwe simu ya jirani. Nyingine iandikwe siku na saa ambayo mtu huyu atatoka nyumbani kwake. Mwulizeni mwenyewe wakati anajiandikisha, naye atawajibu bila shida. Kisha tafuteni katika safu hiyo saa iliyo mapema kuliko zote, mwizungushie duara, na siku mzungumzaji wenu atakapopiga simu, hesabuni kurudi nyuma kutoka kwenye duara hilo.